Paka wa Sokoni na Mstari wa Tano

Bi Makali alipata pua ile iliyopinda akiwa na miaka kumi na tisa, mume wake alipompiga na mlango. Mume mwenyewe alipata kovu lake la shingoni jioni ileile, kwa sufuria ya maji ya moto. Tangu hapo waliishi kwa adabu miaka kumi na moja, kila mmoja akimwangalia mwenzake mikono, mpaka homa ilipomchukua yule bwana. Bi Makali hakulia sana. Alirudi kwenye meza yake ya samaki siku ya nne, akanoa kisu, akasema maiti haiparui magamba.

Meza yenyewe ilikuwa ya kwanza kutoka bombani. Wanaojua kazi ya kupasua samaki wanajua maana yake. Mwenye meza ya kwanza anajaza ndoo akiwa amesimama palepale. Mwenye meza ya sita anabeba ndoo mara thelathini kwa siku, na akifika nusu njia maji yameshamwagika miguuni. Meza ya sita ilikuwa ya mdogo wake Bi Makali, mtoto wa mama mmoja baba mmoja, aliyekuwa na mgongo mbovu na ulimi mzuri. Mara nyingi alimwomba dada yake wabadilishane. Dada akamjibu kwamba meza ile aliipigania kwa ngumi, na kweli aliipigania, na jino la aliyeshindwa lilikaa siku tatu kwenye mfereji wa maji machafu.

Aliyegawa meza ikibaki bila mwenyewe alikuwa Bwana Barafu, msimamizi wa ghala la barafu. Mtu mnene, mikono mirefu, hakuwa akitembea bila nyundo yake ya mti ya kuvunjia mapande. Wiki moja kabla ya mambo haya, mchukuzi mmoja alitania kwamba samaki wanaopotea ghalani wanapotelea kwenye kitambi fulani. Bwana Barafu hakuuliza swali. Alimpiga nyundo ya taya, mchukuzi akaokota meno yake mwenyewe, na mpaka leo anakunywa uji kwa mrija. Soko zima liliona na soko zima likaendelea kuparua.

Sasa, Bi Makali uzeeni aliingia darasa la watu wazima. Lilikuwa linafanyika adhuhuri, soko likishatulia, katika chumba kilichokuwa stoo ya magunia. Hakwenda kwa kupenda elimu. Alikwenda kwa sababu muuza mizani alimwambia kichwa chake kimeshakauka, hakiwezi kushika herufi. Akamwaga ndoo ya matumbo ya samaki juu ya viatu vya yule muuza mizani, kisha akaenda kujiandikisha. Mdogo wake akamfuata, maana hakupenda dada yake ajue kitu ambacho yeye hakijui.

Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Walipoweza kusoma maneno mafupi, akawaambia atawafundisha shairi la kuchekesha lililotoka mbali, linaitwa limeriki, mistari mitano tu, halizidi wala halipungui. Bi Makali akasema yeye vina na mizani anavijua tangu utoto, aliimba kwenye harusi za watu wengi. Mwalimu akamwambia vizuri, lakini humu si kuhesabu mizani peke yake, humu kuna kuhesabu mapigo. Akagonga ubao kwa chaki: nyepesi, nyepesi, nzito. Nyepesi, nyepesi, nzito.

"Mstari wa kwanza una mapigo mazito matatu," akasema. "Wa pili matatu. Wa tatu na wa nne ni mifupi, mawili mawili. Wa tano unarudi matatu."

Kisha akaeleza vina. Mstari wa kwanza, wa pili na wa tano inaishia kwa sauti moja. Wa tatu na wa nne ina sauti yake yenyewe, kama watu wawili wanaonong'onezana katikati ya mkutano. Mstari wa kwanza unatutajia nani na wapi. Miwili mifupi inakimbiza mambo. Wa tano unarudi nyumbani kwenye sauti ya kwanza, lakini unarudi na kituko ambacho msikilizaji hakukitegemea.

Hapo ndipo mdogo mtu alipogombana na mwalimu. Alisema haiingii akilini mstari wa tano uruke jirani zake ukafanane na wa kwanza ulio mbali. Wa tano ufanane na wa nne, ndiye jirani yake. Mwalimu akamweleza mara mbili. Mara ya tatu mdogo mtu akasema shairi la watu wasiojua ujirani halimfai, akachukua kanga yake akatoka, na darasani hakurudi tena. Alikuwa ameshajua kuandika, akaona inatosha.

Bi Makali yeye alibaki. Lile jambo la mapigo lilimwingia mkononi kabla halijamwingia kichwani. Kwenye ubao wake wa kukatia aligonga mgongo wa kisu mara mbili, kisha akashusha makali mara moja, kichwa cha samaki kikaruka. Mgongo, mgongo, makali. Wiki moja tu akawa ametunga mistari minne, juu ya paka wa sokoni ambaye alimchukia kuliko binadamu yeyote aliye hai. Akawa anaisema akikata, na kila pigo zito kichwa kinaanguka:

Kuliku-u-wa na pa-a-ka soko-o-ni. Makali, makali, makali. Vichwa vitatu.

Akaiba samaki ndooni. Vichwa vitatu tena.

Nikashika mkia. Vichwa viwili.

Akaanza kulia. Viwili.

Halafu kisu kinabaki hewani. Mstari wa tano haukuwapo. Wanunuzi waliokuwa wakingoja samaki wao wakawa wanangoja na mstari. Alijaribu "Nikampiga kwa mwiko kichwani," mwalimu akamwambia kichwani kinaishia ani, na sisi tunatafuta oni, kama sokoni na ndooni. Akajaribu "Nikatupa mkaa usoni." Mwalimu akagonga, akakubali, mapigo matatu kamili, kina kimekaa, lakini akasema hakuna anayecheka. Msikilizaji ameshajua tangu mwanzo kwamba bibi huyu atampiga paka. Bi Makali alinuna siku mbili. Akaapa kwamba mstari mbovu hautatoka kinywani mwake, bora soko lingoje mpaka afe.

Asubuhi moja watu walikuta ukuta wa ghala la barafu umeandikwa kwa mkaa. Mistari minne ya paka ilikuwa pale, yote, na chini yake wa tano:

Barafu ndiye paka anayetuibia.

Bi Makali alikuwa ameinama juu ya samaki mkubwa, amezamisha mkono tumboni mwake mpaka kiwiko, alipoona watu wa mezani kwake wanasogea nyuma. Hakuwahi kunyooka. Kofi la kwanza lilimkuta sikioni, la pili mdomoni, na kitu kikavunjika ndani ya kinywa. Ndoo zikapinduka. Bwana Barafu alipiga teke mguu wa meza, meza ikalala upande mmoja, samaki wakateleza mpaka mferejini. Bi Makali alimpiga kisu cha bega, na kisu kikaingia, si sana, shati tu na ngozi. Yule bwana akamkamata kifundo cha mkono wa kulia, akakikunja mpaka kisu kikaanguka, akakibana kiganja chake juu ya ubao, damu ya bega ikimdondokea bibi kwenye vidole.

"Mkono ulioandika ndio huu," akasema.

Bi Makali alielewa. Hakuogopa kufa, watu wengi wameshajaribu kumuua. Lakini mkono ule ukivunjwa hakuna kisu, na bila kisu hakuna meza, na mwanamke wa umri wake asiye na meza anakaa pembeni ya jiko la mtu mwingine akisubiri kupewa. Akaangalia nyuso za watu. Mchukuzi wa taya alikuwa ameangalia chini. Muuza mizani alikuwa amegeuka anapanga mawe yake ya kupimia. Mdogo wake alisimama nyuma ya meza ya sita, ameshika ndoo tupu kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umepauka kama tumbo la samaki.

"Huo mstari si wangu," akasema Bi Makali.

Bwana Barafu akamwambia minne ya juu kila mtu ameisikia ikitoka kinywani mwake miezi miwili hii.

"Minne yangu. Wa tano si wangu. Gonga uone."

"Nigonge nini?"

"Wewe unavunja barafu kila siku. Pande likiwa zima unalipigaje?"

Yule bwana akatazama watu, akaona swali ni la kijinga, lakini swali la kazi yake hakuweza kuliacha. Akasema unaligusa mara mbili, taratibu, kulitafutia ufa, la tatu unashusha kwa nguvu, linapasuka. Ukishusha kabla ya wakati linamwagika vipande vidogo, hasara tupu.

"Basi," akasema bibi. "Gusa, gusa, shusha. Ndivyo shairi hilo linavyokwenda. Nasema mimi, gonga wewe. Ubao huu huu."

Kwa nini alikubali, watu walibishana baadaye. Wengine walisema alitaka kumtisha zaidi. Wengine walisema nyundo ilikuwa mkononi mwake na mkono wa mtu mwenye nyundo hauwezi kusikia kazi yake ikitajwa ukatulia. Aligonga kando ya vidole vya bibi, karibu kiasi kwamba kucha zilicheza. Bi Makali akasema polepole, damu ikimtoka kwenye mdomo:

"Ku-li-KU-wa-na-PA-ka-so-KO-ni."

Gusa gusa shusha, gusa gusa shusha, gusa gusa shusha. Ubao ulitoa mlio wa radi. Mstari wa pili ukaenda vilevile, a-ka-I-ba-sa-MA-ki-ndo-O-ni, matatu mazito, na nyundo ikaanguka kila mara mahali pake bila kuulizwa. Ni-ka-SHI-ka-m-KI-a, mawili. A-ka-A-nza-ku-LI-a, mawili. Magamba yalikuwa yakiruka usoni mwa wote wawili. Bega la yule bwana lilikuwa limeshaingia katika kazi, na watu wa mbele walianza kutikisa vichwa bila kujua.

"Sasa wa ukutani. Soma mwenyewe."

Akasoma. "Barafu," na nyundo ikashuka baada ya kugusa mara moja tu. "Ndiye," ikashuka tena papo hapo, hakuna kugusa kwa kutosha. "Paka," ikashuka. Halafu ikaja anayetuibia, akagusa, akagusa, akagusa, akagusa, akagusa, nyundo ikabaki hewani kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani, ndipo akashusha kwenye bi, na kikabaki kidogo cha mwisho kinaning'inia. Akarudia. Ikamkataa vilevile.

"Mara nne nzito," akasema Bi Makali. "Zinatakiwa tatu. Mizani kumi na nne, zinatakiwa kumi. Na sikiliza mwisho wake. Sokoni, ndooni, halafu huyu anakuja na ibia. Ibia ni ya akina mkia na kulia, wale wafupi wa katikati. Wa tano haulali kwa jirani, unarudi kwake. Mimi nikitunga uchafu kama huo nitajikata mkono mwenyewe, sitakusumbua."

Akiwa anasema hayo, aliyasikia maneno yake mwenyewe. Wa tano haulali kwa jirani. Macho yake yakaenda moja kwa moja meza ya sita. Mdogo wake alikuwa ameiweka ndoo chini. Ilikuwa imeandikwa pale ukutani kama uso wa mtu: ubishi ule ule wa darasani, ujirani ule ule. Na akaelewa hata sababu. Meza ya kwanza, bomba, mgongo. Mkono wa dada ukivunjwa, nani atakabidhiwa meza kama si ndugu?

Lakini nyundo haikuwa imeondoka. Bwana Barafu alisema maneno hayo yote yanaweza kuwa ujanja. Mtu anaweza kuharibu mstari makusudi ili akikamatwa aseme si wake. Kama kweli anajua wa tano unavyotakiwa kuwa, autoe. Sasa. Asipokuwa nao, basi ni ule wa ukutani.

Akainua nyundo juu ya kiganja.

Bi Makali machozi yakamtoka. Hakuyataka, aliyaonea aibu, miaka mingi hakuna mtu sokoni aliyeyaona. Mwanamke mmoja nyuma akasema jamani, mkono unamuuma, mwachieni bibi wa watu. Na haukuwa mkono. Ule mkono ulikuwa umeshakufa ganzi zamani. Kofi la mdomo lilimvunja jino, alilimeza alipokuwa akihesabu mizani, na ncha yake ilikuwa imekwama kooni, kila akimeza mate inachoma kama shetani. Watu wanaona mkono umebanwa, wanaona analia, wanadhani ni mkono.

Akaanza kucheka. Alicheka na damu ikatoka puani, kwa ile pua iliyopinda. Bwana Barafu akamkaza kiganja, akadhani amerukwa na akili.

"Gonga," akasema Bi Makali. "Gonga toka mwanzo, baba."

Akagonga. Na yeye akasema lote, sauti ikikwaruza:

"Kulikuwa na paka sokoni,
Akaiba samaki ndooni,
Nikashika mkia,
Akaanza kulia,
Kumbe mwiba wachoma kooni."

Gusa gusa shusha, gusa gusa shusha, gusa gusa shusha. La mwisho lilishuka kwenye o ya kooni na ubao ukapasuka katikati, ufa ukipita kati ya kidole gumba na cha shahada.

Halafu mchukuzi wa taya, yule asiyeweza kufungua mdomo vizuri, akatoa mlio. Alikuwa anacheka kwa pua, ameshika shavu kwa maumivu, anacheka na kugugumia. Wengine wakamfuata. Mstari ulikuwa umewafika wote pamoja: bibi amevuta mkia, anajisifu kwamba amemliza, kumbe paka hata hamjali, ana msiba wake kooni. Miezi miwili waliungoja. Hata midomo ya Bwana Barafu ilicheza, akaibana, ikacheza tena. Na akicheka mtu anayebana mkono wa mwenzake, vidole vinalegea. Bi Makali akachomoa mkono wake.

Yule bwana hakuomba radhi, wala hakuna aliyemtegemea. Alijifuta damu ya bega. Akasema huu ndio wa kwako, nimeusikia kwa nyundo, ule mwingine ulikuwa takataka.

"Sasa niambie nani aliyeandika."

Nyuma ya meza ya sita mdogo mtu alishika ukingo wa meza kwa vidole kumi.

"Mtu asiyejua kuhesabu mpaka tatu," akasema Bi Makali. "Wamejaa hapa. Wapige mmoja mmoja kama una nafasi."

Bwana Barafu alimtazama muda mrefu. Alijua kwamba bibi anamjua aliyeandika. Lakini alikuwa ameshacheka mbele ya watu, na hasira ikishachekwa hairudi na uzito wake. Akampiga teke paka aliyekuwa akilamba damu chini ya meza, akarudi ghalani.

Bi Makali akaegemeza meza yake kwa jiwe. Akaokota samaki mmoja mmoja kutoka mferejini, akawaosha. Akakohoa jino, akalitema kiganjani, akalitupa. Kisha akaokota kisu, akakipangusa, akatembea mpaka meza ya sita.

"Dada," mdogo wake akaanza. Akasema habari za mgongo, habari za ndoo, kwamba hakujua yule mtu angefika kwenye mkono, alidhani atamfukuza tu.

"Weka mkono mezani."

"Dada, mama yetu mmoja."

"Mkono wa kulia. Tanua vidole."

Akauweka. Kama asingeuweka, Bi Makali alikuwa amejipanga kumvuta kwa nywele, na wote wawili walijua. Watu wa meza za jirani wakajifanya wanaparua. Bi Makali akashika kisu kwa mkono wake ule uliovimba, kifundo kimegeuka zambarau, akamwambia aseme. Na asikosee, maana kisu kitafuata mdomo wake.

Mdogo mtu akaanza, kulikuwa na paka sokoni, na makali yakashuka mara tatu katika nafasi za vidole, tok, tok, tok, yakikwama kwenye mbao na kung'oka. Akaiba samaki ndooni, matatu. Nikashika mkia, mawili. Akaanza kulia, mawili, na hapo alikuwa analia kweli. Alipofika wa tano alisita. Kisu kilikuwa hewani juu ya kidole cha kati. Ulimi wake ulitaka kwenda kwa jirani, kwenye ia, ungeweza kuuona unavyotaka. Akafumba macho.

"Kumbe mwiba wachoma kooni."

Tok, tok, tok. Kumi na tatu yote. Kipande kidogo cha ukucha kilikuwa kimebaki mezani, na tone moja la damu, na mkono ulikuwa mzima.

"Wa tano unafanana na nani?" akauliza Bi Makali.

"Na wa kwanza na wa pili, dada."

"Nenda kafute ule wa tano ukutani. Kisha uandike ulio sahihi, chini ya minne yangu, kwa mwandiko mzuri. Kesho adhuhuri unarudi darasani."

Mdogo mtu akachukua kitambaa na ndoo. Alipita mbele ya meza ya kwanza, akasimama bombani, akamtazama dada yake kwanza. Bi Makali alikuwa ameshampasua samaki mwingine, anang'ang'ana na mkono ule mbovu, hakuinua kichwa. Akasogeza ndoo zake kwa mguu, kiasi cha mtu mmoja kupita, na mdogo wake akafungua maji.